SOMO LA LISHE: MTAMA UNAHITAJI KUNDE, KARANGA PEKE YAKE HAZITOSHI



Katika somo la robo hii tunajibu swali moja: mtu aliyezoea nyama akiacha kuila, na chakula chake chote anakinunua sokoni, achanganye nini na nini ili mwili wake usipungukiwe na protini? Sababu za kuacha nyama ni nyingi. Wapo wanaoshauriwa na daktari, wapo wanaoshindwa na bei, na wapo wanaoamua wenyewe. Somo hili halihukumu sababu yoyote. Linatazama kilichomo kwenye sufuria baada ya nyama kuondoka.

Tumechukua mfano wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na mazao yanayostahimili ni mtama, uwele, karanga, ufuta, alizeti, njugu mawe na kunde. Mahindi, choroko, mbaazi na maharage hupatikana sokoni na kwenye mnada. Kwa hiyo vyakula vyote tutakavyovitaja vinauzwa chini kwenye turubai au ndani ya gunia, kwa kipimo cha kopo au kisado. Hakuna cha kopo la dukani.

Kosa linalofanyika mara nyingi

Katika nyumba nyingi za Ugogo nyama inapoondoka, ugali hubaki vilevile na mboga huwa mlenda au majani yaliyoungwa kwa karanga. Watu husema, "Karanga zina protini, basi tumeziba pengo." Maneno hayo yana ukweli nusu. Karanga zina protini nyingi, lakini si ya aina ambayo ugali wa mtama unaikosa. Ili kuelewa hili, tufikirie ujenzi wa tembe.

Tembe linahitaji nguzo, boriti, fito na udongo. Mtu akiwa na fito za nyumba kumi na udongo wa nyumba kumi, lakini nguzo za nyumba nne tu, atajenga nyumba nne. Fito zilizozidi hazitageuka nguzo. Protini nayo hujengwa hivyo. Imeundwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Aina tisa kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Lazima zitoke kwenye chakula. Aina moja ikipungua, nyingine zilizobaki haziwezi kutumika zote kujenga mwili.

Kwa mlaji wa nafaka, nguzo inayopungua ni amino asidi iitwayo laisini. Mtama ni miongoni mwa nafaka zenye laisini kidogo kabisa. Uwele una nafuu kidogo, na mahindi pia, hasa dona, kwa sababu sembe imeondolewa kiini chenye protini iliyo bora zaidi. Lakini nafaka zote hizi zina upungufu uleule.

Sasa tutazame vyakula vya kuchanganya nazo. Sokoni vimegawanyika katika makundi mawili, ingawa huuzwa kwenye turubai moja.

Kundi la kwanza ni kunde, choroko, mbaazi, maharage, dengu na njugu mawe. Hizi zina laisini nyingi. Zinachopungukiwa ni amino asidi nyingine iitwayo methionini, ambayo nafaka inayo ya kutosha. Kwa hiyo nafaka na kundi hili hukopeshana: kila mmoja humpa mwenzake anachokosa.

Kundi la pili ni karanga, ufuta na mbegu za alizeti. Hizi ni vyakula vya mafuta. Zinatia nguvu na ladha, na ufuta una methionini nyingi, lakini laisini yake ni kidogo. Mtu anayekula mtama kwa karanga amechanganya vyakula viwili vyenye pengo moja. Ni sawa na kuongeza fito pale penye upungufu wa nguzo.

Tuangalie hapa jambo linalowachanganya wengi. Karanga na njugu mawe zote huchimbwa ardhini na hufanana kwa umbo. Lakini kwa kazi tunayoizungumzia, njugu mawe ziko upande wa kunde.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja

Tuseme ni mtu mzima mwenye afya, uzito wake kilo 60. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani anahitaji takribani gramu 50 za protini kwa siku, na ndani yake miligramu 1,800 za laisini. Kwa siku nzima anatumia unga wa mtama gramu 400, yaani vikombe vitatu na kidogo vya robo lita, kwa uji wa asubuhi na ugali wa milo miwili.

Unga huo unampa protini karibu gramu 40 na laisini takribani miligramu 800.

Njia ya kwanza: anaunga mboga kwa karanga gramu 50. Karanga zinamwongezea protini gramu 13 na laisini kama miligramu 450. Jumla ya protini ni gramu 53, na ukiishia hapo utasema amefaulu. Lakini laisini ni miligramu 1,250 tu. Amepungukiwa na karibu theluthi moja ya mahitaji yake. Sufuria ilijaa na karanga zilionekana, lakini nguzo hazikutosha.

Njia ya pili: anapika kunde kavu gramu 100, ambazo ni kama nusu ya kikombe cha robo lita kabla ya kupikwa. Kunde hizo zinampa protini gramu 24 na laisini takribani miligramu 1,600. Jumla ya laisini sasa ni miligramu 2,400, na protini ni gramu 64.

Mtu anaweza kusema, "Basi zimezidi, tupunguze." Hapana. Ziada hiyo ina kazi. Protini ya mimea haimeng'enywi yote tumboni, na protini ya mtama ina tabia yake: ikipikwa kwa maji huwa ngumu zaidi kumeng'enywa kuliko ile ya mahindi. Ukiondoa kinachopotea, miligramu 2,400 hushuka na kukaribia zile 1,800 zinazohitajika. Kwa hiyo nusu kikombe cha kunde kavu kwa siku si anasa, ni kipimo chenyewe.

Kwa kulinganisha, nyama ya ng'ombe mbichi gramu 100 ina protini kama gramu 20 na laisini takribani miligramu 1,700. Kwa upande wa laisini, nusu kikombe cha kunde kavu kinakaribia kabisa kipande hicho cha nyama. Ili apate laisini hiyo kwa karanga peke yake angehitaji karibu gramu 180 kila siku, ambazo ni ghali na zenye mafuta mengi mno kwa tumbo la mtu mmoja.

Hivyo kanuni ya kukumbuka ni hii: kwa kila vikombe vitatu vya unga wa nafaka, nusu kikombe cha kunde kavu au ndugu zake. Karanga ziwe nyongeza ya konzi moja, zisiwe badala.

Je, lazima viliwe katika mlo mmoja?

Hili liliwahi kufundishwa hivyo. Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, Frances Moore Lappé, alichapisha kitabu kilichoeneza wazo la kuchanganya protini za mimea kwa uangalifu katika kila mlo. Katika toleo la mwaka 1981 alijirekebisha mwenyewe, akaeleza kuwa uangalifu wa namna ile si wa lazima. Mwili una akiba ndogo ya amino asidi inayoweza kusubiri kwa saa kadhaa. Mtu akila uji wa mtama asubuhi na kunde jioni, vinakutana.

Lakini tusichukue somo hilo zaidi ya linavyosema. Lilihusu watu wanaokula vyakula vya aina nyingi. Kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya chakula chake cha siku ni nafaka moja, kundi la kunde lazima liwepo kila siku. Kula kunde siku ya mnada tu na kushinda wiki nzima kwa mlenda hakutasaidia.

Kununua sokoni

Nusu kikombe kwa siku ni kilo 3 kwa mwezi. Kisado cha lita 4 kikijazwa kunde hubeba takribani kilo 3. Kwa hiyo mtu mzima mmoja anahitaji kisado kimoja kwa mwezi, na hesabu hiyo ni rahisi kwa kamati yoyote kuitunza. Unaponunua, zingatia haya:

1. Tazama matundu. Kunde zenye matundu ya mviringo zimeshaliwa na wadudu ndani. Tia konzi moja kwenye maji. Zinazoelea ni maganda matupu. Zikielea nyingi, unalipia upepo.

2. Kataa mbegu zilizopakwa rangi. Mbegu za waridi, nyekundu au kijani isiyo ya asili zimetiwa dawa kwa ajili ya kupanda. Kuziosha hakuziondolei sumu. Kataa pia zenye unga wa dawa au harufu kali.

3. Uliza ni za mavuno gani. Maharage na kunde zilizokaa muda mrefu kwenye joto huwa ngumu na hula kuni nyingi bila kuiva. Omba konzi moja ukajaribu kupika kabla ya kununua kisado.

4. Karanga nunua nzima, usinunue zilizosagwa. Karanga iliyosagwa huficha iliyooza. Chagua moja moja nyumbani na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu.

Sababu ya onyo hili la nne ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo hupenda karanga na mahindi. Haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mtu anayeacha nyama na kuongeza karanga bila kuzichagua anaweza kuongeza sumu mezani. Kuchagua hupunguza hatari, ingawa hakuiondoi yote, maana sumu nyingine haionekani kwa macho. Hii ni sababu nyingine ya kuzifanya kunde kuwa msingi na karanga kuwa kiungo.

Kupika ili protini itumike

Loweka kunde au maharage usiku kucha kwa maji mengi, kisha mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Hii hupunguza gesi tumboni na hupunguza kuni. Choroko zinaweza kupikwa bila kulowekwa. Maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa, kwa kuwa yakiwa nusu mbichi huleta kichefuchefu na kutapika. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu baadhi ya vitamini, hivyo ni bora kuloweka kuliko kutegemea magadi.

Kwa upande wa mtama, chagua mweupe, kama aina ya Macia, ukipatikana. Baadhi ya mitama ya rangi ya kahawia ina ukakasi mdomoni. Kitu kinacholeta ukakasi huo hushikamana na protini na kuizuia isimeng'enywe. Uji wa mtama uliochachuliwa kwa siku moja au mbili kabla ya kupikwa humeng'enywa vizuri zaidi kuliko usiochachuliwa. Hapa desturi ya wazee wetu ilikuwa sahihi.

Siku ya mtu mmoja inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa mtama uliochachuliwa, wenye kijiko cha karanga zilizochaguliwa na kusagwa nyumbani. Mchana ugali wa mtama na kunde zilizoungwa kwa nyanya, kitunguu na mafuta ya alizeti, nusu ya kipimo cha siku. Jioni ugali na mlenda, pamoja na nusu ya kunde iliyobaki au choroko. Mlenda na majani mengine ya mboga endelea nayo kwa ajili ya vitamini na madini, lakini usiyahesabu kama protini, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Siku nyingine pika kande za mahindi na njugu mawe au maharage, vipimo vitatu vya mahindi kwa kimoja.

Anayeanza asile nusu kikombe siku ya kwanza kama hajazoea. Aanze na robo kikombe kwa wiki mbili, kisha aongeze. Wengi huziacha kunde kwa sababu ya tumbo kujaa katika siku za mwanzo, na tatizo hilo kwa kawaida hupungua mwili unapozoea.

Mipaka ya somo hili

Mchanganyiko huu hujibu swali la protini. Haujibu kila kitu ambacho nyama ilikuwa inaleta.

Kwanza ni vitamini B12. Haipo kwenye nafaka, kunde wala mboga za majani. Anayeendelea kunywa maziwa na kula mayai au dagaa anaipata. Tena siku anapopata nusu lita ya maziwa, anaweza kupunguza kunde hadi robo kikombe, kwa maana maziwa hayo yana laisini nyingi. Aliyeacha vyote vya wanyama lazima amwone mtaalamu wa afya apate B12 kwa vidonge au sindano. Asisubiri dalili. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, na ganzi ya mikono na miguu, uchovu na ulimi kuuma hujitokeza wakati mtu ameshasahau kuwa aliacha nyama.

Pili ni madini ya chuma. Chuma cha kunde hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Vitamini C inayoliwa katika mlo huohuo husaidia, na hapa Mungu ametupa mibuyu. Glasi ya maji ya ubuyu pamoja na chakula, yasiyochemshwa baada ya kutiwa ubuyu, hufanya kazi hiyo. Maji yenyewe yawe yamechemshwa na kupozwa kwanza. Chai inyweke saa moja au zaidi baada ya kula, kwa kuwa huzuia chuma.

Tatu, kipimo tulichotoa ni cha mtu mzima mwenye afya. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mahitaji makubwa, hivyo hawezi kulishwa kwa kugawa tu kipimo cha mkubwa. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo wapate ushauri wa kituo cha afya kabla ya kuondolewa nyama.

Jinsi ya kujua kama mambo hayaendi sawa: mtu apimwe uzito mara moja kwa mwezi kwenye mizani ileile. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo bila kukusudia, rudini kwenye kisado. Je, kimeisha kwa mwezi, au bado kimejaa? Kikiwa bado kimejaa, kunde haziliwi, hata kama mtu anasema anazila. Kikiwa kimeisha na uzito unashuka, au miguu inavimba, apelekwe hospitali, maana huenda tatizo si chakula.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Katika mtaa wetu, nyama inapokosekana, mboga gani huchukua nafasi yake? Iko kundi la kunde au kundi la karanga?

2. Kaya yenye watu wazima wawili inahitaji visado vingapi vya kunde kutoka mwezi wa saba hadi mwezi wa pili? Hununuliwa lini, wakati wa mavuno au bei ikiwa imepanda?

3. Kunde zikinunuliwa wakati wa mavuno zitahifadhiwaje zisiliwe na wadudu? Nani katika mtaa ametumia mifuko isiyopitisha hewa, na aliifunga vipi?

4. Kama wafadhili wakitupatia fedha kidogo za lishe, zinunue karanga, unga wa nafaka au kunde? Toeni sababu kwa kutumia hesabu ya somo hili.

Majibu ya swali la pili na la nne yaandikwe kwenye daftari la kamati, ili yatumike wakati wa kupanga bajeti ya msimu wa mavuno.